"Pasipo kuacha shaka": ni shaka gani hiyo inayomtoa mtu mahakamani?

Kila kesi kubwa ikiisha kwa mshtakiwa kuachiwa utasikia watu mtaani wanasema "ah, hela imetembea hapo". Mara nyingine kweli inatembea, sibishi. Ila mara nyingi mno kilichotokea ni kitu cha kawaida tu, hakimu ameandika kwamba upande wa mashtaka umeshindwa kuthibitisha kosa pasipo kuacha shaka, na hapo ndo watu wengi wanapopotea kwa sababu hilo neno shaka kila mtu ana maana yake kichwani.

Tatizo la kwanza liko kwenye Kiswahili chetu wenyewe. Magazeti na redio wamezoea kusema "pasipo shaka yoyote". Ukilichukua neno "yoyote" kama lilivyo basi hakuna mtu angefungwa nchi hii, maana shaka ya aina fulani haikosekani. Mtu anaweza kuwa na pacha asiyemjua. Mashahidi watano wanaweza kuwa wamekaa kikao wakapanga uongo. Sheria haisemi yoyote. Kifungu cha 3 cha Sheria ya Ushahidi ya Tanzania kinazungumzia shaka ya maana, shaka ambayo mtu mwenye akili timamu akiulizwa "unashaka kwa nini?" anaweza kunyoosha kidole kwenye kitu fulani ndani ya ushahidi akasema kwa sababu ya hiki hapa. Ya kujitungia tu haihesabiki.

Jaji mmoja wa Uingereza, Denning, aliliweka vizuri mwaka 1947, na cha kuchekesha kesi yenyewe haikuwa hata ya jinai, ilikuwa ya mjane anadai pensheni ya mume wake aliyekuwa afisa wa jeshi. Alisema uthibitisho wa kesi ya jinai si lazima ufike kwenye uhakika kamili, ila lazima uwe mzito sana. Kama ushahidi dhidi ya mtu ni mkubwa kiasi kwamba kinachobaki upande wake ni uwezekano wa mbali tu, ule ambao unausindikiza kwa kusema "inawezekana ndiyo, lakini haielekei hata kidogo", basi kosa limethibitika. Mahakama za huku kwetu bado zinamnukuu mpaka leo.

Sasa maneno matupu hayasaidii, tuchukue kesi ya mfano tuipime. Nimeitunga lakini mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la mahakama ya wilaya kusubiri kesi yake iitwe ameshasikia ndugu zake kumi.

Mama mwenye duka anafunga saa 3 usiku. Wanaingia vijana wawili, mmoja ana panga, wanamlaza chini, wanachukua hela za mauzo na simu yake, wanatokomea. Dakika mbili au tatu hivi mchezo umeisha. Majirani wanafika, mama analia, anasema nimevamiwa. Siku tatu baadaye polisi wanamkamata kijana wa mtaa wa pili, wanamshtaki kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, ambao ukipatikana na hatia ni miaka 30 hiyo, hakimu hana ruhusa ya kushuka chini yake. Mahakamani mama anasimama kizimbani kwa mashahidi, anaapa, anasema "nilimwona kwa mwanga wa taa, ni huyu hapa".

Wewe unayesoma unaona imeisha hiyo. Mama hana sababu ya kudanganya, hana ugomvi na kijana, analia mbele ya hakimu. Na kweli kisheria shahidi anastahili kuaminiwa mpaka kuwe na sababu ya kutomwamini, tena shahidi mmoja peke yake anatosha, hakuna idadi iliyowekwa. Lakini hapa ndo penyewe: swali la mahakama halijaishia kwenye kama mama ni mkweli. Mama anaweza kuwa mkweli asilimia mia na bado akawa amekosea. Wewe mwenyewe hujawahi kumpigia mtu kelele barabarani "oyaa!" halafu akigeuka siye? Na ilikuwa mchana, na hukuwa na panga shingoni.

Kwa hiyo mahakama za Tanzania zinashikilia kesi moja ya mwaka 1980, Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, ambayo mawakili wanaitaja karibu kila rufaa ya unyang'anyi wa usiku. Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni wa aina dhaifu, na usitumike kumtia mtu hatiani mpaka mahakama ijiridhishe kwamba uwezekano wote wa kumfananisha umeondoka. Wakataja na mambo ya kuuliza: shahidi alimwangalia mtu huyo kwa muda gani, alikuwa umbali gani, ilikuwa usiku au mchana, mwanga ulikuwaje, na je alikuwa anamjua au amewahi kumwona kabla.

Turudi dukani na hayo maswali. "Mwanga wa taa" ni taa gani? Tyubu ya umeme katikati ya dari na kitaa kidogo cha sola kilichoning'inia nyuma ya rafu ni vitu viwili tofauti kabisa. Ilikuwa mbele ya uso wa kijana au nyuma yake? Ikiwa nyuma yake mama ameona kivuli. Mama alilazwa kifudifudi, sasa katika hizo dakika tatu uso wa mtu ameuona sekunde ngapi? Na kama anamjua kijana wa mtaa wa pili, kwa nini majirani walipofika hakusema "ni fulani"? Hili la mwisho lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mahakama ya Rufani ilishasema kwenye kesi ya Marwa Wangiti Mwita kwamba shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema inavyowezekana ni kitu kinachompa uaminifu mkubwa, na kukaa kimya bila maelezo kunaifanya mahakama imtilie mashaka. Mama akisema nilikuwa nimechanganyikiwa sikuweza hata kuongea, sawa, hayo ni maelezo, yatapimwa. Asiposema chochote, shimo linabaki.

Na kama hakuwa anamjua kabla, basi ilitakiwa kwanza aeleze polisi alivyo, urefu, rangi, nguo, kovu kama lipo, halafu lipangwe gwaride la utambulisho amchague katikati ya watu wanaofanana naye. Kumnyooshea kidole mara ya kwanza pale mahakamani, wakati yeye ndo kasimama peke yake kizimbani na askari pembeni, hapo hata mpita njia angepatia.

Kama majibu ya hayo yote hayapo kwenye kumbukumbu za kesi, shaka imeshazaliwa, na unaweza kuigusa: taa haijulikani, muda haujulikani, jina halikutajwa. Hiyo ndo shaka yenye mashiko. Kijana anatoka.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Siku ya pili polisi wanapekua chumba cha kijana na wanaikuta simu ya mama. Mwenyekiti wa mtaa yupo kama shahidi huru, hati ya kukamata mali imejazwa na kusainiwa palepale, mama analeta boksi la simu na ile namba ya tarakimu 15 inayotoka ukibonyeza `*#06#` inalingana na ya kwenye boksi. Picha imegeuka yote. Mali iliyoibwa juzi imekutwa kwako leo, sheria inaruhusu mahakama ione kwamba mwizi ni wewe, isipokuwa utoe maelezo yanayoingia akilini. Ona hapo, maelezo tu. Hatakiwi kuthibitisha kwamba hakuiba, mzigo wa kuthibitisha haumhamii. Akisema "niliinunua jana yake stendi kwa mtu anaitwa hivi, nilikuwa na fulani", na huyo fulani akaja akasema ndiyo, inatosha hata kama hakimu hajaamini kwa moyo wote, bora maelezo yawe yanaweza kuwa kweli. Akisema "sijui imefikaje", wakati chumba anakaa peke yake na funguo anayo yeye, ile shaka iliyobaki ni ya pacha asiyejulikana. Miaka 30.

Ila hata simu nayo ina njia yake ya kufia. Imetoka chumbani kwa kijana, ikaenda kwa mkuu wa upelelezi, ikakaa stoo ya vielelezo, ikaja mahakamani. Kila mkono ilipopita inabidi uonekane. Simu ni rahisi kidogo kwa sababu ina namba yake, haiwezi kugeuka simu nyingine, lakini unga au bangi ni habari tofauti, ikipotea hata hatua moja wakili atauliza tutajuaje kilichopimwa kwa mkemia ndo kilekile, na hakuna atakayemjibu.

Kingine kinachowachanganya watu ni mashahidi kupishana. Jirani mmoja anasema ilikuwa saa 3, mwingine saa 3 na nusu, watu wanaona kesi imekufa. Haijafa. Hakuna aliyekuwa anaangalia saa, na kusema ukweli mashahidi wakilingana neno kwa neno ndo mimi naanza kuogopa. Mahakama inauliza kama kupishana kumegusa mzizi wa kesi. Mama aseme panga, jirani aliyechungulia dirishani aseme bastola, hapo kwenye kosa la kutumia silaha pamegusa mzizi.

Na kuna hili la asilimia, mtu anauliza ni 90 au 99? Hakuna namba. Kinachojulikana ni kwamba kesi ya madai inapimwa kwa mizani nyepesi, upande wenye uwezekano mkubwa kuliko mwenzake ndo unashinda. Ndo maana O.J. Simpson kule Marekani aliachiwa na baraza la wazee wa mahakama mwaka 1995 kwenye kesi ya mauaji, halafu mwaka 1997 kwenye kesi ya madai ya familia za marehemu, vifo vilevile, akaonekana anawajibika na kuamriwa alipe mamilioni ya dola. Watu waliona kichekesho lakini mizani zilikuwa mbili.

Kwa hiyo yule mama wa duka kwenye kesi yetu ya kwanza, ile isiyo na simu, anatoka mahakamani anauliza "kwani mimi nimesema uongo?" Hapana, na hukumu haijasema hivyo popote, wala haijasema kijana hakuingia dukani. Usiku ule polisi walipoandika maelezo yake hakuna aliyemuuliza taa ilikuwa wapi, na mwendesha mashtaka naye mahakamani akapita hapohapo bila kuuliza.