Rufaa haisimamishi malipo

"Wakili, tukishakata rufaa, si dalali hawezi tena kugusa vitu vya duka?"

Mama, shikamoo. Anaweza. Hakimu ameamua ulipe deni la shilingi 400,000 pamoja na gharama za kesi, kwa kuwa hatukuonyesha risiti za malipo. Hukumu ilitolewa tarehe 3 Machi. Siku 30 za kupeleka rufaa Mahakama Kuu hapa Mombasa zinaisha tarehe 2 Aprili.

Lakini rufaa pekee haimzuii aliyeshinda kutuma dalali. Kuna ombi lingine la kusimamisha utekelezaji, nalo huanzia kwa hakimu yule yule. Atatazama mambo matatu: kwamba hukukawia kuomba, kwamba utapata hasara kubwa duka likipigwa mnada, na kwamba unaweka dhamana. Hili la mwisho ndilo linaloangusha wengi. Mara nyingi fedha huwekwa benki, katika akaunti ya pamoja ya mawakili wa pande zote mbili.

Na rufaa si kesi mpya: risiti ulizozipata juzi hazipokelewi hivi hivi, lazima tuombe ruhusa. Kwa maoni yangu, tuzungumze kwanza kuhusu kulipa kwa awamu. Nipigie kabla ya Ijumaa.