Wiki tatu za Juni: ninavyoendesha klabu ya kusoma Rungwe

Nimefundisha darasa la kwanza na la pili kwa miaka 11, na kila likizo ya Juni huendesha klabu ya kusoma katika kijiji kimoja juu ya Kiwira, wilayani Rungwe. Wazazi na walimu wenzangu wa Mbeya na Iringa wameniuliza mara nyingi tunafanya nini hasa siku hizo 15. Nitaeleza jambo moja ambalo klabu nzima imesimama juu yake, nalo ni kuwapanga watoto kwa kile wanachoweza kusoma, bila kujali wako darasa la ngapi.

Kwanza wakati wenyewe. Juni kwetu ni baridi na ni msimu wa mavuno. Saa 2 asubuhi ukungu bado umelala kwenye migomba na mtoto hawezi kushika penseli kwa vidole vilivyokufa ganzi. Saa 8 mchana yuko shambani anavuna mahindi na wazazi wake. Kwa hiyo tunaanza saa 4 na kumaliza saa 6, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tatu. Mwaka mmoja nilijaribu kuanza saa 2 na nusu, na kwa wiki nzima nusu ya watoto walifika tukiwa tumeshakunywa uji.

Siku ya kwanza hatufundishi chochote. Tunapima. Kila mtoto hukaa peke yake na mpimaji kwa dakika nne hivi, mkononi kuna karatasi moja yenye hatua nne: silabi 10, maneno 10, aya ya sentensi nne, na hadithi fupi yenye maswali mawili. Akipata silabi 8 anaendelea kwenye maneno. Akipata maneno 8 anapewa aya. Pale anapokwama ndipo mahali pake. Utaratibu huu sikuubuni mimi. Shirika la Pratham la India lilianza kupima watoto hivi majumbani mwaka 2005, na mpango wa Uwezo ukauleta Tanzania mwaka 2010. Uzuri wake ni kwamba kijana aliyemaliza kidato cha nne anaweza kuufanya vizuri baada ya mazoezi ya asubuhi moja.

Kuna mtego mmoja hapa, na watu wengi huuingia. Silabi zikiandikwa kwa mpangilio wa ba, be, bi, bo, bu, mtoto ataziimba zote bila hata kuzitazama, maana ndivyo alivyozoea darasani: mwalimu anagusa ubao, watoto 80 wanaitikia kwa pamoja. Kwa hiyo zivuruge. Andika bo, ki, ma, tu, le. Na kwenye aya, mtoto akisoma kwa mserereko mzuri huku macho yake yako dirishani, chukua kipande cha karatasi, funika mistari yote, bakiza neno moja la katikati, kisha muulize neno hilo ni lipi.

Ndivyo nilivyomgundua binti mmoja wa darasa la nne. Mama yake alimleta kwa fahari, akaniambia, "Mwalimu, huyu anasoma, mweke na wakubwa." Nilimpa ukurasa wa kitabu chao cha shule, akausoma bila kosa, na sauti ikipanda na kushuka pale inapopaswa. Nilipobakiza neno "mlango" peke yake, alinyamaza. Nikabakiza "kaka". Akanyamaza tena, halafu akaanza kuurudia ukurasa kimoyomoyo tangu mwanzo, midomo ikicheza, ili afike kwenye neno lile. Alikuwa ameshika ukurasa wote kichwani. Mtoto mwenye kumbukumbu kama hiyo hana upungufu wa akili. Amejitafutia njia ya kupita kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa naye dakika nne.

Mwaka huo walijiandikisha watoto 38, wa darasa la tatu hadi la sita. Walioshindwa silabi walikuwa 14, waliokwama kwenye maneno 12, na waliofika aya au hadithi 12. Katika wale 14, sita walikuwa darasa la tatu, watano la nne, wawili la tano na mmoja la sita. Yule wa darasa la sita ndiye aliyenisumbua moyo zaidi, kwa sababu aliketi mkeka mmoja na mdogo wake.

Aibu hiyo inaua klabu kuliko mavuno. Ndiyo maana makundi hatuyaiti la kwanza na la pili, wala la chini na la juu. Tunayaita Ngosi, Rungwe na Kaporogwe: ziwa, mlima na maporomoko ambayo kila mtoto wa huku anayajua, na hakuna lililo bora kuliko jingine. Kila Ijumaa wachache huhama, na huhama kimyakimya, bila kupigiwa makofi. Yule wa darasa la sita nilimkabidhi daftari la kuazima vitabu. Mwenye daftari lazima aandike majina, na kuandika majina ya watu 38 kila siku ni zoezi la silabi lisilomdhalilisha mtu.

Saa zetu mbili zinakwenda hivi. Dakika 15 za mwanzo wote wanakaa pamoja, mimi nasoma hadithi kwa sauti, kwa raha tu. Dakika 45 zinazofuata kila kundi na mwezeshaji wake. Halafu uji, kilo 2 za unga na kilo 1 ya sukari kwa watoto 38, unga tunachangiwa na wazazi. Baada ya uji ni michezo uwanjani, kisha kila mtoto anasema sentensi yake mwenyewe, anaiandika kwa msaada, anaisoma na kuondoka na kitabu.

Hizo dakika 45 ndizo zenye kazi. Kiswahili kinamrahisishia mtoto mambo mengi, kwa kuwa herufi zake zinasomwa vilevile kila mahali na silabi zake karibu zote huishia na irabu. Mtoto akishaijua "ka" ameijua kwenye kaka, kalamu na haraka. Kundi la Ngosi, yaani wale wa silabi, tunakata kadi kutoka kwenye maboksi ya madukani, kila kadi silabi moja, tunazimwaga chini na watoto wanaunda maneno: ma-ji, ki-ti, ka-la-mu. Kwa siku nne au tano wengi wanasonga. Kisha wanagonga ukuta, na ukuta ni uleule kila mwaka.

Ukuta huo ni konsonanti zinazofuatana, hasa m. Mtoto akiona "mtoto" na "mbuzi", machoni pake yote mawili yanaanza sawa: m, halafu konsonanti nyingine. Lakini "mtoto" ni m-to-to, ile m imesimama peke yake kama silabi kamili, wakati "mbuzi" ni mbu-zi, m na b zimeungana. Asiyeijua tofauti hiyo husoma "mu-bu-zi", anajisikiliza, anaona halipo neno la namna hiyo, anakata tamaa. Kumweleza kanuni hakusaidii. Tunapiga makofi. Mtoto: makofi matatu. Mbuzi: mawili. Mtu: mawili. Mboga: mawili. Wanapiga kwanza wakiwa hawaoni maandishi, kwa sababu sikio lao linaijua lugha tayari, halafu ndipo tunaonyesha kadi na mtoto anatafuta kofi lipi linakaa kwenye herufi zipi. Baada ya hapo nda, nga, nya, sha, mwa na kwa huingia kwa mtindo huohuo, mbili kwa siku, zisizidi.

Nawaomba wawezeshaji jambo moja kuhusu matamshi. Watoto wengi wa huku husema Kinyakyusa nyumbani, na akisoma "zawadi" anaweza kutamka "sawadi", au r ikawa l. Hilo si kosa la kusoma. Ameiona z, ameitambua, ameipitisha kwenye ulimi wake. Ukimkatiza kila mara, anaacha kusoma kwa sauti, na mtoto asiyesoma kwa sauti huwezi kujua amekwama wapi. Kosa la kusoma ni pale anaposema "zamani" mahali palipoandikwa "zawadi".

Vitabu ni swali ninaloulizwa kila mara. Mwanzoni nilikuwa na vitabu 20 vya kuazima. Sasa vingine tunachapa wenyewe kutoka africanstorybook.org, ambako hadithi za Kiswahili ni za bure, zimepangwa kwa ugumu na zinaruhusiwa kuchapwa. Kwa Ngosi chagua zile zenye sentensi moja fupi kwa ukurasa. Kitabu kinakwenda nyumbani ndani ya mfuko wa plastiki wenye kufungwa, kwa sababu ya moshi wa jikoni na mvua ya Rungwe isiyoangalia mwezi.

Kabla ya kuanza, nenda kwa mtendaji wa kijiji na mwalimu mkuu, ueleze wazi kwamba hufundishi mada za darasani wala hutozi ada. Serikali imekuwa ikikataza masomo ya likizo, na mtu akisikia tu neno kambi atadhani ni tuisheni. Na watu wazima wawe wawili au zaidi muda wote. Mtoto asibaki na mmoja peke yake.

Siku ya 15 tunapima tena kwa karatasi nyingine. Wale 14 wa silabi walibaki 12, maana wawili walihamia shambani moja kwa moja. Saba walivuka silabi wakafika maneno, wawili walisoma aya, watatu hawakusogea. Hao watatu ndio niliokaa nao mchana ule. Mmoja alikuwa amehudhuria siku tano tu. Wa pili alisoma kadi zote nilipomsogezea hadi karibu na pua, na nikajilaumu kwa wiki tatu nzima za kumketisha nyuma. Mama yake alimpeleka hospitali kupimwa macho. Wa tatu bado namfuatilia. Siku hizi, kabla ya kupima silabi, namwonyesha kila mtoto herufi kubwa kwa umbali wa hatua sita.

Wiki tatu humvusha mtoto hatua moja, mara chache mbili. Hazimfikishi kwenye hadithi kama alianzia silabi, na mzazi aambiwe hivyo mapema. Shule zinapofunguliwa Julai nampelekea mwalimu wa kila darasa orodha: jina, hatua aliyoanzia, hatua aliyofika, silabi zinazomsumbua. Ya yule binti niliandika: anasoma maneno, nda na mla bado, usimpe ukurasa anaoujua.