Azimio moja, maneno matatu: namna ninavyohakiki muhtasari wa kikao

Kazi yangu hapa Mtwara mjini ni kuhakiki nyaraka kabla hazijapigwa mhuri, na nyingi kati ya hizo ni mihtasari ya vikao vya vyama vya ushirika vya msingi, vile tunavyoviita AMCOS. Kwa miaka yote hiyo nimejifunza kwamba muhtasari haukaguliwi kwa kuusoma wenyewe tu, kwa sababu sentensi inaweza kuwa sanifu kabisa na bado ikasema uongo. Kila aina ya kosa ina shahidi wake nje ya ukurasa. Shahidi wa jina ni daftari la mahudhurio, wa tarehe ni kalenda, na wa azimio ni rasimu aliyoiandika katibu kwa mkono kikao kikiendelea. Ndiyo maana ninausoma muhtasari mmoja mara tatu, na kila mara ninatafuta kitu kimoja tu.

Ninaanza na majina. Katibu wa huku Kusini huandika jina kama alivyolisikia, na masikio yetu hayatofautishi sana L na R, kwa hiyo Rukia wa ukurasa wa kwanza anaweza kuwa Lukia katika ukurasa wa tatu. Mohamedi naye huandikwa Mohamed, Muhamedi au Mohammed ndani ya waraka mmoja. Katika mazungumzo hilo si tatizo, lakini muhtasari unaoteua watia saini wapya wa akaunti ya chama unapelekwa benki, na afisa wa benki hulinganisha kila herufi na kitambulisho cha Taifa. Niliwahi kuupitisha muhtasari wa namna hiyo wenye jina la katikati lililoandikwa kwa ufupisho, na chama kikalazimika kurudi kijijini kutafuta saini upya. Tangu hapo huweka daftari la mahudhurio mkono wa kushoto, nikaweka kidole kwenye jina na kulisoma herufi kwa herufi, halafu huomba nakala ya kitambulisho cha kila anayeteuliwa.

Hapa niseme neno kuhusu kompyuta. Ukigundua kwamba mjumbe anaandikwa Ally, nayo rasimu nzima imeandika Ali, usibofye `Replace All` kabla ya kuweka alama kwenye `Match case` na `Find whole words only`. Usipofanya hivyo, "alisema" itageuka "allysema" na "serikali" itakuwa "serikally", na utakesha ukiyarekebisha. Majina ya mahali nayo yanahitaji jicho, maana Nanyamba na Nanyumbu ni sehemu mbili tofauti za mkoa huuhuu, na hakuna programu itakayokuonya kwamba umeandika moja badala ya nyingine.

Katika mzunguko wa pili ninazungushia duara kila tarehe na kila saa. Siku ya wiki ikiwa imetajwa, naipima kwa kalenda: "Jumatano, tarehe 16 Mei 2024" haiwezekani, kwa kuwa tarehe 16 ilikuwa Alhamisi, na hapo ni katibu pekee anayeweza kusema kilichokosewa ni siku au tarehe. Saa hupotoka pale mtu anaponakili kutoka kwenye simu, akaandika kwamba kikao kilifunguliwa saa 10:00 asubuhi, ilhali kwa hesabu yetu kilianza saa 4:00 asubuhi. Jedwali lililotoka Excel lina hatari yake pia. Kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani huisoma 5/8/2024 kuwa tarehe 8 Mei, lakini 25/8/2024 inashindwa kuielewa na kuiacha kama maandishi. Utalitambua kosa hilo kwa macho: katika safu moja, baadhi ya tarehe zimeegemea kulia na nyingine kushoto. Dawa yake ni kuandika jina la mwezi kwa herufi.

Mzunguko wa tatu ndio unaonichukua muda mrefu kuliko yote, kwa sababu azimio huandikwa zaidi ya mara moja: ndani ya ajenda, kwenye jedwali la maazimio mwishoni, na tena katika yatokanayo ya kikao kinachofuata. Kila linaponakiliwa, hulegea kidogo. Nitumie mfano nilioutunga kutokana na makosa ninayokutana nayo kila msimu wa pembejeo. Katika ajenda imeandikwa:

"Kikao kiliazimia kwamba Kamati ya Pembejeo ihakiki orodha ya wakulima watakaopata salfa na kuiwasilisha kwa Katibu ifikapo Ijumaa, tarehe 24 Mei 2024."

Kwenye jedwali azimio hilohilo linasomeka: "Uongozi ulishauriwa kufuatilia suala la salfa wiki ijayo." Na katika yatokanayo: "Orodha itahakikiwa."

Tazama kilichopotea njiani. "Kiliazimia" kimekuwa "ulishauriwa", na ushauri mtu anaweza kuukataa bila kosa, lakini azimio ni agizo la kikao. Kamati ya Pembejeo imekuwa "Uongozi", neno linalomhusu kila kiongozi na kwa hiyo halimbani yeyote. Kuhakiki orodha kumekuwa "kufuatilia suala", jambo ambalo hakuna awezaye kuthibitisha kwamba limekamilika. "Wiki ijayo" inahesabiwa kuanzia siku ya kikao au siku muhtasari unaposomwa? Kauli ya mwisho ndiyo iliyo mbaya zaidi, kwa maana "itahakikiwa" haimtaji mtendaji kabisa. Mkulima akifika dukani akakuta jina lake halimo, hakuna wa kuulizwa.

Kwa hiyo nakala zote tatu naziweka pamoja kwenye karatasi moja na kuzipima kwa maswali manne: kikao kilifanya nini, nani ametumwa, atoe kitu gani, na lini. Kitenzi cha kikao kinapaswa kuwa kilekile kila mahali. Nafsi na hali ya kitenzi cha mhusika ninazitazama kwa makini pia, maana "Katibu aandike barua" ni agizo, na "Katibu ataandika barua" ni taarifa ya ahadi yake. Jedwali zima liende kwa mtindo mmoja, na mimi huchagua ule wa "aandike", "ihakiki", "iwasilishe", nikimtaja mhusika kwa cheo chake kama kilivyo kwenye orodha ya mahudhurio.

Lakini sina ruhusa ya kuamua. Herufi iliyodondoka naisahihisha mwenyewe. Maana ikihusika, kama ni Kamati au Uongozi, tarehe 24 au wiki ijayo, naandika swali pembeni kwa kalamu nyekundu na kumpigia katibu simu akiwa na rasimu yake ya mkono mbele yake. Nikijaza pengo kwa kukisia, nitakuwa nimeweka mdomoni mwa kikao maneno ambayo hakikuyasema.

Na muhtasari uliokwisha kuthibitishwa na kutiwa saini hauguswi, hata kosa likiwa wazi namna gani. Hakuna kufuta wala kuchapa ukurasa mpya na kuuchomeka katikati. Kosa huletwa kwenye kikao kinachofuata, likaandikwa hivi katika muhtasari mpya: "Ukurasa wa 3, jedwali la maazimio, namba 2: isomeke 'Kamati ya Pembejeo' badala ya 'Uongozi'." Mwenyekiti na katibu wakishatia saini muhtasari huo mpya, nakala yake huwekwa kwenye jalada moja na ule wa zamani.