Uji wa mapacha: nani ana protini zaidi?

Swali: Mimi na pacha wangu tunaishi Umoja, na kila mmoja ana mtoto wa mwaka na nusu. Mimi hupika uji wa wimbi na maziwa. Yeye hupika wimbi lililosagwa na soya, na anasema wangu ni maji tu. Uji wa nani una protini zaidi?

Jibu: Wako, kama mara tatu, ingawa unga wake ndio bora.

Mlipokuja kwangu na sufuria zenu, nilitoa mizani ya jikoni. Mizani haioni protini. Inapima unga tu, mengine ni hesabu. Gramu 100 za unga wa wimbi zina takriban gramu 7 za protini. Unga wa dadako, wimbi sehemu nane na soya sehemu mbili, una kama 13.

Lakini yeye alikoroga gramu 40 tu, akapata vikombe vinne. Kila kikombe kina gramu 10 za unga, yaani protini gramu 1.3. Wewe ulitia gramu 60 na kikombe kizima cha maziwa, ukapata vikombe vitatu. Unga ulileta gramu 4.2 na maziwa kama 8. Gawa kwa tatu: gramu 4 kila kikombe.

Dadako hakuwa mvivu. Mwanawe hunywea kikombe chenye mfuniko wa matundu, na uji mzito ulikuwa ukiziba matundu, basi akawa anaongeza maji kila siku.

Swali (la pacha wa pili): Na nikiupika mzito kama wake?

Jibu: Hapo unampita. Gramu 20 za unga wako kwa kikombe ni protini 2.6, za dadako bila maziwa ni 1.4. Tia maziwa kiasi kile kile anachotia yeye, ufike 5 na kitu. Soya pia ina lisini, kijenzi cha protini ambacho nafaka zina uchache wake. Mtoto wa kilo 11 anahitaji protini gramu 11 hivi kwa siku, kwa hiyo hicho si kikombe cha kudharau. Mlishe kwa bakuli na kijiko.

Ila kaulize kule poshomili: soya ilikaangwa au kuchemshwa kabla ya kusagwa? Soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini. Unga ukinuka maharagwe mabichi, usiununue.

Swali: Nisagie omena humo humo?

Jibu: Hapana. Mafuta ya omena huchacha upesi, na mfuko mzima wa unga utaharibika nayo. Zikaushe vizuri, zisage peke yake kidogo kidogo, utie kijiko kimoja cha chai sufuriani uji ukiwa unachemka. Harufu ndiyo itakayokusumbua, si mtoto.