Wagonjwa huongezeka maradufu kwa siku ngapi?

Tuchukue wilaya ya mfano. Wiki hii inapokea wagonjwa wapya 40 kwa siku kwa wastani, na wiki inayofuata wastani unafika 100. Kwa mwendo huo, idadi inajirudufu kila baada ya siku ngapi? Siku hizo ndizo zinazoitwa muda wa kuongezeka maradufu.

Wengi huanza hivi: wameongezeka 60 juu ya 40, sawa na asilimia 150, gawanya kwa siku 7, basi ni asilimia 21.4 kwa siku. Ni rahisi kuijaribu hesabu hiyo. Anza na 40, ongeza asilimia 21.4 kila siku kwa siku saba, na utafika 155 badala ya 100. Kosa ni kwamba maambukizi hukua kama riba juu ya riba. Aliyeambukizwa jana naye anaambukiza leo, kwa hiyo nyongeza ya kila siku inahesabiwa juu ya idadi iliyokwisha kukua, na huwezi kuigawanya wiki vipande saba vilivyo sawa.

Kinachogawanyika sawasawa ni logi ya uwiano. Gawanya 100 kwa 40 upate 2.5, bonyeza kitufe cha ln kwenye kikokotoo upate 0.916, kisha gawanya kwa siku 7. Jibu ni 0.131 kwa siku. Hii ndiyo kasi ya mfululizo, ambayo kwa kawaida huandikwa r: ni kasi ya ukuaji ikichukuliwa kwamba maambukizi yanatokea kila saa na kila dakika, wala hayasubiri usiku wa manane ili yaongezwe kwa mkupuo.

Ukishaipata r, kazi iliyobaki ni ndogo. Idadi ikijirudufu uwiano wake ni 2, na ln ya 2 ni 0.693. Kwa hiyo, tukiuita muda wa kuongezeka maradufu T:

```
T = ln(2) / r = 0.693 / 0.131 = 5.3
r = ln(2) / T
asilimia kwa siku = (e^r - 1) × 100
```

Wagonjwa wapya wa wilaya yetu wanajirudufu kila siku 5.3. Mstari wa tatu unatupa asilimia 14 kwa siku, siyo 13.1. Namba zote mbili zinaeleza ukuaji uleule. Ile ya mfululizo ni ndogo kidogo kwa sababu nyongeza ya asubuhi nayo imekwisha kuzaa kufikia jioni. Ukipewa asilimia ya kila siku, usiiingize moja kwa moja mahali pa r. Ongeza 1 kwanza, kisha chukua logi: kwa asilimia 30, r ni ln(1.30), yaani 0.262, na muda wa kujirudufu ni siku 2.6. Mkato wa kugawanya 70 kwa asilimia ungekupa 2.3. Kwa asilimia 3 mkato huohuo hauna shida, kwani unatoa 23.3 na jibu kamili ni 23.4.

Sasa tugeuze. Utafiti wa awali kuhusu UVIKO-19 mjini Wuhan, China, uliochapishwa Januari 2020, ulikadiria muda wa kujirudufu kuwa siku 7.4. Gawanya 0.693 kwa 7.4 upate r ya 0.094. Watafiti waliiandika 0.10, na ukianza na 0.10 hiyo unapata siku 6.9. Nusu siku imepotea kwenye kukadiria desimali tu, kwa hiyo usianze na r iliyokwisha kufupishwa ikiwa ile kamili ipo.

Makadirio yao ya r yalikuwa kati ya 0.050 na 0.16, na ya muda kati ya siku 4.2 na 14. Angalia jinsi 7.4 isivyokaa katikati. Kadiri r inavyoshuka kuelekea sifuri, muda wa kujirudufu unarefuka bila kikomo, na r ikiwa hasi fomula inatoa muda wa idadi kupungua hadi nusu. Ndiyo maana ukitaka wastani wa vipindi kadhaa, mimi ningetafuta wastani wa r kwanza, kisha ndipo nibadilishe kuwa siku.

Je, vipimo vikikosa wagonjwa wengi? Ukigundua mmoja kati ya watano wiki zote mbili, r haibadiliki hata kidogo, kwa kuwa uwiano ni uleule. Tatizo linaanza kiwango cha ugunduzi kikibadilika. Maabara mpya ikifunguliwa katikati ya wiki na vipimo vikaongezeka maradufu, sehemu ya ule uwiano wa 2.5 inaweza kuwa ya maabara, siyo ya ugonjwa. Dalili ya kuangalia ni asilimia ya vipimo vinavyokuta maambukizi: ikishuka huku wagonjwa wakiongezeka, zile siku 5.3 zitilie shaka. Na wastani wa wiki tuliutumia makusudi, kwani Jumapili taarifa huwa chache na Jumatatu zikamiminika, na anayelinganisha siku hizo mbili anaweza kupata mlipuko ambao haupo.