Linki ya meseji moja ndani ya kundi: inafanyaje kazi, na kwa nini mara nyingine haipatikani

"Pandisha juu utaiona." Nilijibiwa hivyo mwezi wa nane katika kundi letu la kisima cha mtaa, ambalo liko Telegram. Nilikuwa nimeuliza ni lini tulikubaliana kwamba anayechelewesha mchango wa shilingi 25,000 aongeze 5,000. Makubaliano hayo yalikuwa ya mwezi wa tatu, na tangu hapo zilikuwa zimepita salamu za kila asubuhi, taarifa za misiba na picha za mabomba. Nilipandisha karibu nusu saa bila kuona kitu. Ndipo jirani mmoja akaweka mstari huu, ambao hapa nimeubadilisha namba ya kundi:

```
https://t.me/c/1234567890/2318
```

Nilipougusa, kundi lilifunguka palepale kwenye meseji ya mtunza hazina, ikang'aa kidogo ili niitambue. Juu yake niliona swali lililoizaa, na chini yake majina ya waliokubali, langu likiwemo.

Hiyo ndiyo linki ya meseji: anwani inayokufikisha kwenye meseji moja mahali ilipoandikwa, si kwenye kundi kwa jumla. Skrini shoti haifanyi kazi hiyo. Inakupa maneno yaliyokatwa kutoka kwenye mazungumzo, na huna njia ya kujua kilichosemwa kabla au baada yake.

Tuusome mstari ule. Mwanzo, `t.me`, ni anwani fupi ya Telegram. Herufi `c` inaonekana pale kundi lisipokuwa na jina la hadharani. Kama linalo, jina hilo ndilo linalokaa badala ya `c` na namba ndefu. Namba ndefu ni ya kundi lenyewe, na ya mwisho, 2318, ni ya meseji. Katika kundi lililogawanywa kwa mada, kati ya hizo mbili huongezwa namba ya mada. Kuipata linki si kazi: kwenye Android gusa meseji, kwenye iPhone ibonyeze na kuishikilia, kisha chagua Copy Link. Kwenye kompyuta unabofya kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua Copy Message Link.

Namba ya meseji inafanana na namba ya stakabadhi kitabuni. Ukiichana stakabadhi ya 2318 ukaitupa, inayofuata bado ni 2319, na hakuna nyingine itakayopewa namba ile. Taarifa kama "fulani amejiunga" nazo huchukua namba zake. Kwa hiyo 2318 haimaanishi kwamba watu walikuwa wameshaandika meseji 2,317 kabla yake.

Mfano huo wa kitabu unaeleza pia tatizo ninaloulizwa mara nyingi: mtu anaigusa meseji, anatafuta Copy Link, haioni. Telegram ina aina mbili za makundi, ingawa kwa macho yanafanana. Kuna kundi dogo la kawaida, lisilozidi watu 200, na kuna kundi kubwa ambalo Telegram huliita supergroup. Katika kundi dogo, meseji hazihesabiwi kwa kundi bali kwa akaunti ya kila mtu, kana kwamba kila mwanachama ana kitabu chake cha stakabadhi. Meseji ileile inaweza kuwa namba 7655 kwangu na 90412 kwako. Nikikutumia namba yangu, kwenye kitabu chako itaangukia kitu kingine kabisa, au isiangukie popote. Ndiyo maana linki haitolewi. Kundi kubwa lina kitabu kimoja kwa wote, na namba moja ina maana moja kwa kila mwanachama.

Aliyeanzisha kundi dogo anaweza kuligeuza kuwa kubwa kwa kufungua mipangilio ya kundi na kuweka Chat history for new members kuwa Visible. Likishageuka halirudi. Na jambo linalowashangaza wengi ni kwamba meseji za kabla ya mgeuko zinabaki kwenye hesabu ya zamani, kwa hiyo hazipati linki. Kundi letu lilianza Januari na kugeuzwa Februari. Makubaliano ya Machi yana linki, lakini muhtasari wa kikao cha kwanza hauna. Tulichofanya ni kuufowadi muhtasari ule ndani ya kundi hilohilo. Nakala ikapata namba mpya, tukaibandika juu ya kundi, na sasa tunaelekezana kwenye nakala hiyo.

Linki ya meseji si ufunguo. Kama kundi ni la faragha, asiye mwanachama akiigusa ataambiwa hawezi kuiona. Hata mwanachama mpya anaweza kukwama, kama admin ameficha mazungumzo ya kabla ya yeye kujiunga. Ufunguo ni linki ya mwaliko, nayo unaitambua kwa alama ya kujumlisha inayofuata mara baada ya `t.me/`. Tafadhali zitofautishe hizi mbili kabla ya kutuma. Kwetu, mwenzetu alitaka kumwonyesha fundi wa pampu meseji moja tu, akamtumia linki ya mwaliko; ilisambaa, na tukapata wageni sita waliosoma nani kalipa na nani anadaiwa. Kwa mtu wa nje, nakili maneno yale anayohitaji umtumie, basi.

Makundi yenye jina la hadharani yana udhaifu wao. Admin akibadilisha jina, linki zote zilizotumia jina la zamani zinaacha kufika pale.

Lakini kosa ninalolihofia zaidi ni watu kuichukua linki kama ushahidi wa maneno yaliyosemwa siku ile. Linki inashika namba, haishiki maneno. Mwandishi akihariri meseji yake, namba inabaki ileile, na anayefungua anakuta maneno mapya pamoja na alama ndogo ya kuonyesha imehaririwa. Mtunza hazina wetu aliandika kwanza kwamba kaya 29 zimelipa, kisha kwa nia njema akasahihisha kuwa 31. Anayefungua linki leo haioni 29 popote. Na kama meseji imefutwa, Telegram inakufikisha kwenye kundi na kukuambia meseji hiyo haipo.

Kwa mambo ya fedha, basi, tunaandika kiini na kuweka linki chini yake. Jirani yule sasa huandika hivi: "Hadi 14 Machi kaya 31 kati ya 37 zilikuwa zimelipa, jumla 775,000. Meseji ya mtunza hazina ni hii." Linki ikifa, hesabu inabaki. Hesabu ikibishaniwa, linki inaonyesha ilikotoka.

WhatsApp haina linki ya meseji moja ndani ya kundi. Linki inayotolewa kule kwa kundi ni ya mwaliko tu. Kinachokaribiana nayo ni kuijibu meseji ya zamani kwa kuinukuu, maana anayegusa nukuu anarudishwa kwenye meseji yenyewe. Ila ni lazima wewe uipate kwanza kwa kutafuta, na nukuu hiyo haimfikishi mtu wa kundi lingine. Kubandika meseji juu ya kundi kunadumu hadi siku 30 kwa mara moja, usipoirudia. Kundi la akina mama wa mtaa wetu liko WhatsApp, na katibu wao ameanza kuandika neno "azimio" mwanzoni mwa kila uamuzi, akiliepuka kwingine kote. Akiulizwa jambo analitafuta neno hilo, zinatokea meseji chache, anajibu kwa kuinukuu ile inayohusika.