Ile "/=" inayokula mauzo yako: Excel au programu ya uhasibu?

Mama mmoja muuza vitenge Kariakoo alituletea daftari lake la Excel akiwa na tatizo la ajabu: fedha zilizomo kwenye droo zilizidi hesabu. Asubuhi alianza na shilingi 50,000, akatumia 31,000, na jumla ya mauzo kwenye kompyuta ikasoma 136,000. Droo ilipaswa kuwa na 155,000. Alihesabu mara tatu, akakuta 200,000.

Mauzo yalikuwa matano: 18,000, 45,000/=, 36,000, 22,000 na 60,000. Huo mkia wa "/=", tuliouzoea kwenye risiti za mkono, ndio uliomponza. Excel ikiuona huichukulia seli nzima kuwa maandishi, na fomula ya `SUM` huyaruka maandishi bila kusema neno. Afadhali ziada, mkia ule ungekaa kwenye safu ya matumizi, droo ingeonekana pungufu na kijana wa dukani angeshukiwa bure.

Kuugundua ni rahisi. Usipogusa mpangilio wa seli, namba huegemea kulia na maandishi kushoto. Au linganisha fomula hizi mbili:

```
=COUNTA(C2:C6)
=COUNT(C2:C6)
```

Ya kwanza huhesabu seli zote zilizojazwa, ya pili namba tu. Kwake zilitoa 5 na 4. Tuliifuta "/=" kwa Find & Replace, jumla ikawa 181,000. Kisha tukaifunga safu kwa Data Validation ipokee namba pekee, ingawa kufuli hilo halizuii kitu kilichobandikwa kutoka kwingine.

Programu ya uhasibu isingeupokea mkia huo kama maandishi kwenye sehemu ya kiasi. Lakini kwa kosa hilo peke yake nisingemshauri alipie programu kila mwezi. Duka la taslimu lenye mauzo machache kwa siku linatoshwa na Excel, mradi droo ihesabiwe kila jioni.

Kilichonibadilisha mawazo ni mikopo. Mteja wake alichukua doti za shilingi 150,000, akalipa 40,000, baadaye 60,000. Mama aliandika mauzo siku ya kukopesha, na kila malipo yalipoingia akayaandika tena kama mauzo. Kitabu kikasema ameuza 250,000. Kwenye programu ankara huingia mara moja, kila malipo huongeza fedha na kupunguza deni la mteja huyo. Mauzo hubaki 150,000 na deni 50,000. Excel inaweza kufanya hivyo kwa karatasi ya pili ya wadaiwa, ila kwa wateja ishirini wanaolipa kidogo kidogo, kazi hiyo humshinda mtu anayehudumia wateja huku akiandika.

Alihamia programu tarehe mosi ya mwezi, akianza na fedha zilizohesabiwa, thamani ya mzigo uliopo na deni la kila mteja. Faili la Excel hakulifuta: sheria ya usimamizi wa kodi inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5.